Viungo Vyote Vipo, Pilau Hakuna: Mazungumzo na Wanafunzi wa Mwaka wa Tatu Kuhusu Marejeleo ya Kubuni

Huko nyuma mnanisikia? Haya. Feni mbili hazizunguki na maikrofoni inakoroma, kwa hiyo nitaongea kwa sauti ya nyumbani. Waliowahi kunisikia mwaka jana wanivumilie, hadithi ni ileile. Nitaacha kuisimulia siku mtakapoacha kuniletea.

Akili mnemba sitaieleza. Mnaijua kuliko mimi, mnachati nayo mkiwa mmesimama kwenye mwendokasi. Wala sikuja kuipiga marufuku, hiyo kazi si yangu. Mimi ni mkutubi. Shida yangu ni moja: mnakuja kaunta kuniomba makala ambazo hakuna binadamu aliyeziandika, halafu mnaninunia kwamba maktaba yetu haina kitu.

Mwaka jana, wiki ya kukusanya tasnifu, alikuja kijana mmoja. Alikuwa ameandika kuhusu machinga wa Kariakoo, kazi nzuri, ameshinda juani wiki nzima akihoji watu. Msimamizi wake alikuwa amelizungushia rejeleo moja wino mwekundu na kuandika pembeni: "Iko wapi?" Basi. Kijana akaniambia, "Madamu, naomba unifungulie hii makala, nadhani ni ya kulipia."

Nikaliangalia. Rejeleo lenyewe, wanangu, lilikuwa limenyooka. Jina la mtafiti ni la mtu halisi, ameandika kuhusu jiji hili kweli. Jarida ni The Journal of Modern African Studies, lipo, linatolewa na Cambridge. Juzuu ya 48, namba 2, mwaka 2016. Kurasa zipo. DOI, ile namba ya kudumu ya makala mtandaoni, ipo, tena inaanza na 10.1017, ambayo ni namba ya Cambridge wenyewe. Yaani viungo vyote vya pilau viko mezani: iliki ipo, mdalasini upo, mchele upo. Pilau ndiyo haikupikwa.

Tukakaa naye kwenye kompyuta. Nitawapitisha taratibu, kwa sababu hapa ndipo watu huteleza.

Kwanza tukaichukua ile DOI tukaiandika mara tu baada ya https://doi.org/ na kubonyeza. Mara nyingi DOI ya kubuni hukupa ukurasa ulioandikwa DOI Not Found, na shauri limekwisha. Hii ikafunguka! Kijana akapiga meza, "Si unaona, Madamu!" Nikamwambia soma kichwa. Kilichofunguka kilikuwa uhakiki wa kitabu, mwandishi mwingine, nchi nyingine kabisa. Mnanielewa? Mashine ilikuwa imeunga tarakimu zinazofanana na DOI, zikaangukia kwenye mlango wa mtu mwingine. Kwa hiyo kufunguka kwa linki si ushahidi. Linki ikifunguka ndiyo kwanza kazi imeanza: kichwa ni hicho? Mwandishi ni huyo? Mwaka ni huo?

Tena DOI yenyewe ilikuwa inajisuta. DOI za jarida hilo nyingi huandikwa 10.1017/S0022278X kisha tarakimu. Hiyo 0022278X ni ISSN, namba ya utambulisho wa jarida, na tarakimu mbili zinazofuata ni mwaka. Yake ilikuwa na 09. Makala ya 2016 yenye DOI ya 2009? Mwaka mmoja unaweza kupishana, maana makala huanza kuwekwa mtandaoni kabla ya kuingia kwenye toleo. Miaka saba haipishani.

Pili, hesabu ya kitoto. Jarida hilo lilianza mwaka 1963 na hutoa juzuu moja kila mwaka. Toa 1962 kwenye mwaka wa makala, unapata juzuu. 2016 toa 1962 ni 54. Juzuu ya 48 ni ya mwaka 2010. Sasa najua kuna mtu hapo kati anawaza, "Huenda ni kosa la kuchapa." Huenda, ndiyo. Watu tulikuwa tunakosea marejeleo hata kabla ya kompyuta, mimi mwenyewe nimewahi kumzeesha mwandishi miaka kumi. Ndiyo maana hesabu haihukumu, hesabu inakutuma ukaangalie. Tukafungua yaliyomo ya juzuu ya 48 namba 2, halafu ya 54 namba 2. Yaliyomo ni bure, hakuna jarida linalokutoza kwa kuangalia orodha. Kote makala haipo, na kurasa alizozitaja ni za watu wengine.

Tatu, na hapa kijana alikaribia kunishinda. Tukakiweka kichwa cha makala ndani ya alama za mtajo kwenye Google Scholar. Kikatokea! Kichwa neno kwa neno, na jina la mtafiti chini yake. Akaniangalia kama wakili aliyeshinda kesi. Nikamwonyesha kineno kidogo mwanzoni mwa mstari: [CITATION]. Kineno hicho maana yake Google haijaiona makala yenyewe, imeiona imetajwa tu mahali, kwenye orodha ya marejeleo ya mtu mwingine. Na hicho kichwa hakikuwa na linki ya kubonyeza. Chini kulikuwa na Cited by 2. Tukazifungua hizo mbili: zote zimetoka juzijuzi, na zote zimelitaja rejeleo lilelile na lile kosa lilelile la juzuu. Kwa hiyo wapo wenzako wawili waliopewa mzimu huohuo, wakauzika kwenye kazi zao, na sasa mzimu una kaburi na jiwe lenye jina. Mwakani watakuwa watano. Msinielewe vibaya, [CITATION] si lazima iwe mzimu, vitabu vingi vya zamani vya hapa kwetu huonekana hivyohivyo kwa sababu havijawahi kuwekwa mtandaoni. Lakini makala inayodaiwa ya 2016, ya Cambridge, kuonekana hivyo? Hapana.

Mwisho tukaenda kwenye ukurasa wa yule mtafiti, chuoni kwake, penye orodha ya maandiko yake. Haimo. Mtafiti hasahau makala yake, jamani, ndiyo inayompandisha cheo.

Dakika kumi na mbili zote hizo, na nne zilikuwa za kusubiri mtandao. Ukiwa na haraka, anza na search.crossref.org, wanakosajili DOI za makala, bandika rejeleo zima, uone kama kinachorudi kinafanana. Ni maandishi matupu, haitakumalizia bando.

Sasa kwa nini mashine inafanya hivi? Mnasema inadanganya. Haidanganyi, muongo anaujua ukweli halafu anauficha. Hii haina rafu ya vitabu kichwani. Inapanga neno linaloelekea kufuata neno, na rejeleo lina umbo linalozoeleka mno: jina, mwaka, kichwa, jarida, juzuu, kurasa. Ukiiomba marejeleo kumi, itakupa maumbo kumi. Na mada ikiwa imeandikiwa kidogo, kama nyingi za kwetu hizi, ndipo inapobuni zaidi, maana cha kukumbuka ni kichache na wewe bado unataka kumi.

"Madamu, hizo ni za zamani, hizi za sasa zinatafuta mtandaoni na linki zinaleta." Nilijua mtasema. Kweli zinaleta, na hapo kosa linahama chumba. Makala ipo, linki ipo, ila makala haisemi ulichoandika. Hii inaniogopesha zaidi, kwa sababu ukaguzi wote niliowapitisha inaupita. Dawa yake ni kuifungua PDF yenyewe, ubonyeze Ctrl na F, utafute ile takwimu au lile dai, uone limekaa ukurasa gani na sentensi ya kabla yake inasema nini. Andika ukurasa huo pembeni ya rasimu yako. Usipoupata, sentensi itoke. Ikiwa makala ni ya kulipia, muhtasari utakuthibitishia tu kwamba ipo, hautakuthibitishia kilichomo. Njoo kaunta tukutafutie, au mwandikie mwandishi barua pepe. Wengi hutuma, tena wanafurahi kuna mtu anawasoma.

"Lakini Turnitin imenipa asilimia 8." Turnitin inatafuta maandishi yanayofanana na ya wengine. Rejeleo ulilobuniwa mara nyingi halifanani na la mtu yeyote, mwanangu, kwa hiyo unaonekana msafi kuliko aliyerejelea vitabu vya kweli!

Na wale wanaoiuliza mashine yenyewe, "Una uhakika ipo?" New York mwaka 2023, kesi ya Mata dhidi ya Avianca, mwanasheria aliyepeleka mahakamani kesi alizopewa na ChatGPT aliiuliza hivyohivyo. ChatGPT ikamjibu kesi zipo na zinapatikana kwenye hifadhi za sheria. Hazikuwapo. Jaji akamtoza yeye, mwenzake na kampuni yao faini ya dola 5,000. Tuendelee, muda.

La kwetu sasa. Msitoke hapa na kusema kisicho na DOI ni cha kubuni. Majarida yetu mengi, ripoti za wizara na tasnifu hazina DOI, na makala ya Kiswahili ya mwaka 1985 hutaikuta Crossref. Hapo unapita njia nyingine: AJOL, hifadhi ya majarida ya Afrika iliyoanza 1998. Kioo cha Lugha kwa mfano kipo humo, unaingia, unafungua toleo, unasoma yaliyomo. Kikikosekana, rafu. Ndiyo, rafu, miguu. Kama si yetu, basi Maktaba Kuu ya Taifa pale Bibi Titi. Ukikishika kitabu mkononi, piga picha ya ukurasa wa jina la mwandishi na ukurasa ulionukuu, uziweke kwenye folda moja. Msimamizi akiuliza "Iko wapi?", unamwonyesha simu.

Nilitaka nizungumzie ISBN, namba ya utambulisho wa kitabu, ila dada pale ananionyesha saa. Kwa kifupi tu: vitabu vya wachapishaji wa Tanzania kwa kawaida huanza na 978-9976 au 978-9987. Ukiambiwa kitabu kimetoka kwa mchapishaji wa hapa Dar na namba inaanza 978-0, jiulize.

Unauliza yule kijana aliishiaje? Kwenye marejeleo yake thelathini na moja tulikagua yote, yaliyoanguka ni sita. Matano tuliyapatia makala za kweli zinazosema jambo hilohilo. La sita, lile la wino mwekundu, lilikuwa limebeba dai kuhusu kipato cha machinga kwa siku, na hatukupata popote panaposema hivyo. Akalifuta dai. Akaweka walichomwambia machinga wake mwenyewe wa Mtaa wa Kongo, ambacho alikuwa nacho kwenye daftari tangu mwanzo.

Jumatano nipo kaunta ya marejeleo mpaka saa kumi jioni. Njooni na orodha iliyochapishwa, si picha ya wasapu iliyopigwa gizani, na kila rejeleo liwe na ukurasa pembeni. Aliyenipa maji ahsante, chupa yako hii hapa.