Nani kazilazimisha nukta zikaribiane?

Katika modulesheni ya QAM, kila alama inayotumwa ni nukta moja kati ya zilizopangwa kwenye mihimili miwili, na namba ya mbele ni idadi ya nukta hizo. Kila mwaka nawauliza wanafunzi wa mwaka wa pili kwa nini 64-QAM inaelemewa na kelele ambayo 4-QAM inaivumilia, na kila mwaka napewa nusu ya jibu: "Nukta zimekaribiana, mwalimu." Ni kweli. Kelele huisogeza nukta, na ikivuka nusu ya umbali wa kumfikia jirani, kipokezi kinamsoma jirani. Lakini nani kazilazimisha zikaribiane? Si mzitawanye tu?

Shikeni kalamu. Tuseme nukta jirani zinaachana kwa vipimo 2. Katika 4-QAM kila mhimili una −1 na 1. Nishati ya nukta ni mraba wa umbali wake kutoka katikati, yaani 1 + 1 = 2. Katika 16-QAM mhimili una −3, −1, 1 na 3. Miraba yake ni 9, 1, 1, 9, wastani 5. Kwa mihimili miwili, 10. Katika 64-QAM mhimili unafika 7, na 7 peke yake mraba wake ni 49. Wastani wa zote unakuwa 42.

Sasa tazameni. Biti kwa kila alama zimetoka 2, zikawa 4, zikawa 6. Nishati imetoka 2, ikawa 10, ikawa 42. Biti tunazijumlisha, nguvu inazidishwa! Huko juu kila biti mbili za ziada zinadai nguvu karibu mara nne, yaani desibeli 6. Usipoilipa, nukta zinabanwa.

Najua kuna anayesema basi tuilipe. Nukta nne za kona ndizo zenye kimo kikubwa kuliko zote. Amplifaya ikifika ukomo wake inazivuta ndani, na kwenye skrini mnaona mraba uliokunjwa kona. Umeongeza nguvu, makosa nayo yameongezeka.

Niliwahi kuitwa kwenye kiungo cha maikrowevu kilichofungwa kwenye 256-QAM pekee. Jua likiwaka, safi. Mvua ikinyesha, kimya. Wote walishuku antena. Mvua ilipoanza nilifungua kundinyota, yaani picha ya nukta zinazopokelewa: nukta zikavimba zikawa mawingu, mawingu yakagusana. Antena haikuwa na kosa. Wastani wa 256-QAM ni 170, mara 85 ya 4-QAM, kama desibeli 19. Tukaruhusu mtambo ujibadilishie modulesheni wenyewe, na mvua iliyofuata ikaushusha hadi 4-QAM. Biti 2 badala ya 8, kasi robo, lakini kiungo hakikukatika.

Mpangilio wa Gray, yaani namna ya kuzigawia nukta biti zake, nausema kwa ufupi: majirani hutofautiana biti moja, hivyo kumsoma jirani kunakugharimu biti moja tu. Misimbo ya kusahihisha makosa tutaianza wiki ijayo. Mje mmehesabu kwa mkono wastani wa 1024-QAM. Asiyepata 682 arudie miraba yake.