Mashahidi Watatu wa Dirisha Moja

Ndugu zangu, kabla hatujaanza kijana mmoja alinionyesha simu yake. Chati ya yuro kwa dola, na chini yake amepanga viashiria vitatu: Stochastic, Williams %R na RSI. "Mwalimu, vyote vitatu vinasema bei imepanda kupita kiasi. Niuze?" Nikamwomba kalamu.

Tupige naye hesabu. Tuseme katika mishumaa 14, kila mmoja ukiwa siku moja ya soko, bei ya juu kabisa ni 1.1000, ya chini kabisa 1.0800, na leo soko limefunga 1.0970. Stochastic inauliza: tumepanda kiasi gani kutoka chini? Tukihesabu 0.0001 kuwa pointi moja, ni pointi 170 kati ya 200, yaani 85 kwa mia. Williams %R inauliza: tumebakiza kiasi gani kufika juu? Pointi 30 kati ya 200, yaani 15, nayo huandikwa −15. Haya, 85 toa 100 ni ngapi? Mmeona. Na itakuwa hivyo kila siku, katika soko lolote. Mmoja anakwambia ndoo imejaa kiasi gani, mwingine anakwambia imebaki kiasi gani ijae.

Mtaniuliza, mbona kwenye simu mistari hailingani? Programu ya chati ya MetaTrader 5 hufungua Stochastic ikiwa na mishumaa 5, tena imelainishwa kwa 3; Williams hufunguka na 14, bila kulainishwa. Weka %K, yaani idadi ya mishumaa, iwe 14 na Slowing, yaani kule kulainisha, iwe 1, mstari mkuu wa Stochastic utafuata uleule wa Williams, kona kwa kona.

RSI ni ndugu wa mbali kidogo. Wilder aliyeitoa mwaka 1978 alilinganisha wastani wa mapando na wastani wa mashuko, kwa hiyo hapa namba hazigeuzwi tu. Lakini inapikwa kwa bei zilezile za kufunga. Ukitaka kujua undugu wao, peleka namba za siku 250 kwenye Excel, kiashiria kimoja safu ya B na kingine safu ya C:

```
=CORREL(B2:B251,C2:C251)
```

Stochastic na Williams zilizowekwa sawa zitatoa 1 kamili. Ukiweka RSI itashuka chini ya 1, na kadiri inavyokaribia 1 ndivyo ilivyo na machache mapya ya kukwambia.

Hasara huja soko linapopanda mfululizo. Viashiria hivi hukwama juu pamoja, wiki nzima au zaidi, na wewe unahesabu kura tatu za kuuza. Mimi mwenyewe nilishaongeza loti, yaani ukubwa wa biashara, kwa "uthibitisho" wa namna hii, nikaungua.

Kwa hiyo nilimwambia kijana abaki na kimoja, aongeze kinachouliza swali jingine. ATR, kwa mfano, nayo hutokana na bei, ila haijali inaelekea wapi. Inapima upana wa mwendo. Ikisoma 0.0080, siku ya kawaida inatembea pointi 80 hivi. Yeye alitaka kuweka stop, yaani bei ya kumtoa sokoni akikosea, pointi 25 juu ya bei. Hiyo inaweza kuguswa kabla ya chakula cha mchana, hata kama wazo lake la kuuza ni sahihi.

Kiasi cha miamala nacho ni swali jingine, hasa kwenye hisa. Kwenye forex mjihadhari: namba mnayoiona huko kwa kawaida ni idadi ya mara bei ilivyobadilika kwa dalali wenu, si fedha iliyopita sokoni.