Kwenye daftari la mchezo acheni tiki, andikeni tarehe

Haya jamani, tukae tuanze maana jua linapanda na kuna watu hapa wana samaki wanawasubiri feri. Wale mlionisikia Lindi na Masasi mtanivumilia, hili nimelisema na nitalisema tena, kwa sababu kila msimu wa korosho ukiisha naletewa madaftari ya michezo ya kupeana hela kwa zamu iliyovunjika, naombwa nitafute nani mkosaji, na kila nikifungua nakuta kitu kilekile, majina yamepangwa chini, miezi juu, tiki tiki tiki, mpaka mwezi ambao hela imepungua. Tiki zote zipo. Hela haipo.

Mchezo nyie mnaujua kuliko mimi kwahiyo siupotezei muda. Tuchukue mmoja tu tuutembee mpaka mwisho. Watu 10, kila mtu 50,000 kwa mwezi, anayepokea naye anatoa yake, hela ya mwezi ni 500,000. Unaanza Oktoba kwa sababu Oktoba minada ya korosho inaanza na kila mtu ana moyo wa kutoa, unaisha Julai. Kijumbe, yule anayekusanya hela, ana kauntabuku, na huyu kijumbe ni mtu mzuri, muaminifu kabisa, nataka mlishike hilo, sizungumzii mwizi hapa.

Oktoba, Novemba, Desemba mambo safi, watu watatu wameshapokea. Januari, mwezi wa sare na madaftari ya watoto, yule aliyepokea Oktoba hana hela. Anamwambia kijumbe, dada nisitiri, wiki ijayo nakupa. Kijumbe anaona aibu kumwambia wa Januari hela yako haijatimia, anachomoa 50,000 kwenye mtaji wake wa vitumbua, anajazia, anaweka tiki. Wa Januari anapokea 500,000 yake anaondoka na furaha. Ukifungua daftari, Januari imejaa.

Februari yule wa Oktoba bado hana, na sasa wa Novemba naye hana. Mapengo mawili, 100,000. Mtaji wa vitumbua hauwezi. Lakini kuna watu wawili, tuseme wa baharini, bamvua liliwakubali, wametoa ya Februari na ya Machi kabisa wasije wakazitumia. Kijumbe anashika ile 100,000 ya Machi anaimalizia Februari, anajua ataizibia. Tiki zote. Wa Februari kapokea 500,000.

Machi sasa. Wa baharini wameshatoa, hela yao imeshaliwa na Februari. Wa Oktoba na wa Novemba hawatoi tena. Wanabaki watu 6, mara 50,000 ni 300,000. Wa Machi anakuja na ndoto yake ya bati kichwani, kashapatana na fundi, anakabidhiwa 300,000. Hapo ndo kelele zinaanza, na sikilizeni watu wanasemaje, wanasema mbona mwezi uliopita wote walitoa, kijumbe umekula. Na daftari linamshuhudia vibaya kijumbe, kwa sababu daftari linasema kweli wote walitoa!

Kijumbe hajala hata senti. Pigeni hesabu na mimi. Wa Oktoba hajatoa Januari, Februari na Machi, hiyo 150,000. Wa Novemba hajatoa Februari na Machi, 100,000. Jumla 250,000. Sasa nani kaubeba huo mzigo? 50,000 mtaji wa kijumbe, 200,000 ni pengo la wa Machi. 250,000 kamili. Shimo lilichimbwa Januari, likaonekana Machi, katikati hapo lilifunikwa na tiki.

Ndo maana nasema kila siku, tiki ifutwe kwenye michezo yetu. Tiki inajibu swali moja tu, kwamba hela ya siku hiyo ilitimia. Haisemi ilitoka kwa nani. Kwenye kile kichumba andikeni tarehe aliyotoa, na alitoaje, mkononi au kwa simu. Kama kijumbe au mtu mwingine amemjazia, andikeni herufi K na tarehe, na akija kulipa mnaandika tarehe pembeni ya ile K, hamuifuti. Aliyetangulia kutoa ya mwezi ujao anaandikwa kwenye mwezi ujao na ile hela inakaa kwenye bahasha yake, haiguswi. Na chini ya kila mwezi anayepokea anahesabu mbele ya watu, anaandika kiasi alichoshika, anaweka sahihi. Kwa mchezo wetu ule, safu mbili tu zingeonekana hivi:

```
Zamu       Jan       Feb       Mac
Oktoba     K 5/1     K 5/2     -
Novemba    4/1 simu  K 5/2     -
```

Angalieni hiyo. Mtu yeyote hata hajui hesabu anaona tarehe 5 Januari kuna K. Siku hiyohiyo mngekaa, deni likiwa 50,000, siyo 250,000.

Najua kuna mtu anasema moyoni huko kunaitwa kuaibishana, sisi ni ndugu na majirani, tumechezana unyago pamoja, mtu akiyumba kidogo tunamwandika? Ndiyo tunamwandika. Aliyejaziwa hajatukanwa, kajaziwa. Anayeaibika mwisho wa siku ni kijumbe ambaye hakula, anaitwa mwizi sokoni mpaka watoto wake wanasikia. Mimi hiyo inaniuma, na inaniuma kwa sababu dawa yake ni herufi moja.

Na msiniambie tutakuwa tunakumbuka. Mkitaka kujua daftari limejazwa kwa kukumbuka, angalieni wino. Mwezi mzima kalamu moja, mwandiko mmoja wa haraka, tarehe moja watu wote kumi, wakati kuna mtu mnajua alitoa kwa simu siku tatu kabla. Hapo ombeni meseji za miamala mlinganishe, mtu kwa mtu.

Sasa jambo la pili, na hili linakwenda na lile. Kwenye jedwali lenu kuna sehemu ya zamu na sehemu ya kutoa, lakini hakuna sehemu inayosema huyu mtu leo anadai au anadaiwa. Ongezeni mstari mmoja mwishoni, jumla aliyotoa, toa aliyopokea. Basi. Turudi Januari. Wa Oktoba katoa mara tatu, 150,000, kapokea 500,000. Anadaiwa 350,000 na mchezo. Sasa chukua mtu wa zamu ya 9, anapokea Juni, naye Januari ameyumba hajatoa. Katoa 150,000, hajapokea kitu. Yeye mchezo ndo unamdai? Hapana, yeye ndo anaudai mchezo 150,000. Kwenye tiki hawa wawili wanafanana, wote kichumba kitupu, wote mnawafokea sawasawa. Siyo sawa. Wa zamu ya 9 pengo lake linawasumbua siku hiyo, lakini hela yake imo ndani, Juni mnamkata. Wa Oktoba hamna cha kumkata. Huyo ndiye wa kufuatwa nyumbani jioni hiyohiyo, na ndiye alitakiwa awe na mdhamini kabla hajapewa zamu ya kwanza.

Ukishakuwa na huo mstari unaona na kitu kingine ambacho watu wengi hawakijui, kwamba hatari ya mchezo haipo mwanzoni wala mwishoni, ipo katikati. Mwezi wa kwanza ukiisha, mdaiwa ni mmoja tu, anadaiwa 450,000. Ukiisha wa pili wadaiwa wawili, kila mmoja 400,000, ni 800,000. Wa tano, wadaiwa watano kila mmoja 250,000, hiyo ni 1,250,000 iko mikononi mwa watu walioshapokea, na huo ndo mlima wenyewe, baada ya hapo inashuka, wa sita 1,200,000, wa tisa inarudi 450,000. Na hiyo ni pale watu wote wanatoa vizuri.

Sasa mchezo ulioanza Oktoba, mwezi wa tano ni lini? Februari. Mnaijua Februari ya kwetu, hela ya korosho imeisha, shamba linataka palizi, chakula ghalani kinahesabiwa. Yaani deni kubwa kuliko yote tunaliweka mwezi ambao watu hawana kitu! Ukianza Juni, mwezi wa tano unaangukia Oktoba na wa sita Novemba, watu wanaanza kulipwa minada, anayedaiwa ana kwa kulipia. Mtaniambia Juni hatuna hela ya kuanzia. Wenye ufuta, Lindi, Nachingwea huko, wanauza miezi hiyohiyo, wanazo. Kikundi kisicho na ufuta kipange kila mtu 30,000 badala ya 50,000, mlima nao unapungua, unakuwa 750,000. Na wanaoishi kwa korosho tupu wapeni zamu za mwisho, wakipokea mapema ndo tunawatega wenyewe.

Kuna mzee pale anainua mkono toka zamani, najua anataka kuuliza si upatu umekatazwa, si tuliona DECI 2009 serikali ikaifunga. Mzee wangu, ule ulikuwa unamlipa wa mwanzo kwa hela ya wanaoingia nyuma, na unamuahidi zaidi ya alichotoa. Wa kwetu watu ni walewale 10 toka mwanzo na kila mtu anatoka na kile alichoweka. Kipimo kipo kwenye huohuo mstari wa mwisho, Julai mchezo ukiisha kila mtu lazima asome sifuri. Mtu akisoma zaidi ya sifuri, kuna mwenzie kasoma pungufu, tafuteni. Na kikundi kikianza kuweka akiba na kukopeshana kwa riba, hapo mmeingia kwenye Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018, nendeni halmashauri mkasajili, hilo tutaliongea siku nyingine.

Muda umeniishia na nilitaka kusema kubadilishana zamu. Kwa kifupi, anayebadilisha na mwenzie msifute jina, pigeni mstari mmoja juu yake lisomeke bado, andikeni jipya, wote wawili wasaini, kwa sababu mkifuta mstari wa deni wote unaharibika.

Na yule dada aliyeuliza pale mlangoni kuhusu mtu anayecheza mikono miwili, mwandike safu mbili, moja ya kila zamu, kila safu na tarehe zake. Akitoa 50,000 mwezi ambao alitakiwa atoe 100,000, mwulize mbele ya watu ni ya mkono upi, na akishapokea mkono wa kwanza iandikwe kwenye huo uliopokea.