Plastiki na Pini: Kwa Nini Cheti Chako Kinarudishwa Dirishani

Nimepewa mada mbili, laminesheni na pini za stepla. Wanaonifahamu wanajua ya kwanza itakula muda wote, kwa hiyo wa stepla mnivumilie.

Kuna dada alinijia na cheti cha kuzaliwa cha mwanawe. Baba mtoto anafanya kazi Dubai, anataka kumwombea mtoto ukaazi. Cheti kama hicho hakitumwi hivi hivi. Kinapitia Wizara ya Mambo ya Nje kugongwa muhuri, kisha ubalozi wa Emirates nao unaweka wao. Dada alikuwa amekipeleka stesheneri siku ile ile alipokichukua, kikatoka kinang'aa. Tukafika dirisha mojawapo, silitaji. Afisa hakubishana. Akagonga muhuri pembeni kidogo, juu ya plastiki, akapitisha kidole gumba. Wino wote ukahamia kwenye kidole. Akatuonyesha: "Sasa mama, nikugongee wapi?"

Basi, hapo ndipo tatizo lilipo. Karatasi hunywa wino, plastiki hainywi. Muhuri unaofutika kwa kidole leo, kesho utafutwa na tapeli na kuwekwa mwingine. Na huyo afisa anaulizwa pia kama cheti chenyewe ni halisi. Atajuaje? Hupapasa karatasi, huimulika kwenye mwanga kutafuta alama ya ndani, hutafuta kwa kidole ule muhuri wa kubonyeza usio na wino, wenye mgongo. Mashine ya laminesheni ina roli za moto zinazobana. Mgongo ule unalala, na juu yake inakaa ngozi laini. Tena mtu akikwangua tarehe na kuandika nyingine, kisha akaifunika kwa plastiki, mkwaruzo hauhisiki tena. Hasemi wewe ni mwizi. Anasema umemfunga mikono.

Najua kuna mtu hapo nyuma ana swali lake: mbona vitambulisho vingine vinatoka na plastiki? Vinatoka nayo kwa sababu aliyetoa kitambulisho ndiye aliyeiweka, na mara nyingi alama za usalama zimo ndani ya plastiki yenyewe. Ya kwako imewekwa na kijana wa stesheneri. Mkono uliofunga ndio wenye maana.

Na msiniambie habari za kuibandua! Mume wa yule dada alishauri kwa simu tupashe pasi tuivute taratibu. Nikasema hapana. Usiku wakajaribu. Ndani ya plastiki ile kuna gundi inayoyeyuka kwa moto na kuzama katika nyuzi za karatasi, ikipoa inakuwa kitu kimoja na karatasi. Ukivuta, plastiki inaondoka na ngozi ya juu ya karatasi, na kila kilichoandikwa juu yake. Asubuhi nikaletewa vipande viwili: plastiki yenye saini ya msajili imegeuka kinyumenyume, na karatasi yenye manyoya.

Akapona kwa sababu kilikuwa cheti cha kuzaliwa. Rekodi yenyewe iko kwenye daftari la msajili, hivyo RITA waliweza kumtolea kingine. Safari hii hakikupita stesheneri. Lakini cheti cha shule hakipatikani upya kirahisi hivyo. Kama chako tayari kina plastiki, usikiguse, na usikate kingo. Nenda kwa aliyekitoa, uliza kama watakuandikia barua ya uthibitisho au watakupa kingine, halafu uulize ofisi inayokipokea kama itaridhika na hilo. Zipo zinazokubali, zipo zisizokubali.

Stepla, haraka. Pini uliyoiweka mwenyewe kwenye cheti cha ukurasa mmoja inaacha matundu mawili, na afisa anayeona matundu anauliza ukurasa wa pili uko wapi. Usipokuwa na jibu, umeshakaa benchi. Kwa sisi wa Pwani ongeza kutu inayochora karatasi. Kinyume chake, pini iliyowekwa na wakili au ofisi ili kufunga kurasa pamoja usiitoe, hata kwa ajili ya fotokopi. Ukiirudisha utakuwa na matundu manne, na hapo hakuna tena anayeweza kuapa kwamba ukurasa wa katikati haukubadilishwa. Kunja kurasa, kopi hivyo hivyo.

Kuhifadhi? Mfuko wa plastiki ulio wazi juu, wa kwenye faili, karatasi inaingia na kutoka. Picha na skani weka kando.

Naona napewa ishara ya kumaliza. Wenye vyeti waje mbele tuviangalie kimoja kimoja. Wewe wa fulana ya kijani anza, hicho cha kwako nimekiona kinameta tangu nilipoingia.