GG na HT/FT: Wapi Uzidishe, Wapi Usizidishe

Karibuni, ndugu zangu. Leo tunazungumzia hesabu za kubeti tu, sina mkeka wa kuuza. Tuanze na mechi mnayoikumbuka wote: fainali ya Kombe la Dunia, Desemba 18, 2022, Argentina na Ufaransa. Mapumziko Argentina wanaongoza 2-0. Dakika ya 80 Mbappé anafunga penalti, haipiti hata dakika mbili anaongeza la pili. Dakika 90 zinaisha 2-2. Muda wa ziada 3-3, kisha Argentina wanabeba kombe kwa penalti.

Sasa, aliyebeti GG, yaani timu zote mbili zifunge, alishinda tangu bao lile la dakika ya 80. Aliyebeti HT/FT ya 1/1, kwamba Argentina waongoze mapumziko na washinde mwisho, alipoteza, ingawa Messi alinyanyua kombe. Kwa kawaida masoko haya yanahesabu dakika 90 pamoja na zile anazoongeza refa, basi. Siku ile jibu la HT/FT lilikuwa 1/X, yaani Argentina mbele mapumziko, sare mwisho.

Tuje kwenye GG. Tuseme mwenyeji, kwa uwezo wake na beki anayokutana nayo, mnakadiria atafunga walau bao moja katika mechi 8 kati ya 10. Mgeni, 6 kati ya 10. Hizi ni namba za mfano. Zidisha: 0.8 mara 0.6 ni 0.48. Kati ya mechi 100 za namna hii, 48 zitatoa GG na 52 zitatoa NG, yaani walau timu moja isifunge. Mtu anasikia "huyu anafunga sana, na yule naye anafunga" akaona GG ni ya uhakika, kumbe haifiki hata nusu.

Odi ya haki ni 1 gawanya kwa uwezekano: 1 kwa 0.48 ni kama 2.08. Kampuni ikikupa 1.90, dau la shilingi 1,000 litakurudishia wastani wa 0.48 mara 1,900, yaani shilingi 912. Basi ukimbilie NG? Tuseme wameiwekea 1.80. Hapo ni 0.52 mara 1,800, shilingi 936. Pande zote mbili unapungukiwa. Ile tofauti ndiyo mshahara wa kampuni. Kuiona ni rahisi: 1 kwa 1.90 ni asilimia 52.6, 1 kwa 1.80 ni asilimia 55.6, jumla 108.2. Ingetakiwa iwe 100.

Kwenye GG kuzidisha kunatufikisha karibu na ukweli, kwa sababu mwenyeji kufunga hakumzuii sana mgeni kufunga. Si sahihi kabisa, maana timu ikishaongoza huweza kurudi nyuma kulinda, lakini kwa kuanzia inatosha.

HT/FT ndipo watu wanapoumia. Chukueni mechi 100 za mfano. Mapumziko mwenyeji anaongoza 36, sare 40, mgeni anaongoza 24. Katika zile 36, mwenyeji anashinda 27. Katika sare 40, anashinda 15. Katika zile 24 alizokuwa nyuma, anapindua 2 tu. Jumla ya ushindi wake ni 44.

Sasa mtu asiyezoea hesabu hizi anataka 2/1, mgeni aongoze mapumziko halafu mwenyeji ashinde. Anachukua 0.24, anazidisha kwa 0.44, anapata kama 0.106. "Asilimia 10! Odi ya haki ni 9 na kitu, na hapa wananipa 28!" Anaona kaokota pesa barabarani.

Kosa lake liko kwenye ile 44. Ni ya mechi zote, na nyingi kati yake ni zile ambazo mwenyeji alikuwa tayari anaongoza. Mapumziko na matokeo ya mwisho ni mechi ileile moja. Mabao ya kipindi cha kwanza hayafutwi. Swali sahihi ni: *akiwa nyuma*, hushinda mara ngapi? Mara 2 kati ya 24. Zidisha 0.24 kwa hiyo, unapata 0.02, na odi ya haki ni 50. Ile 28 iliyoonekana zawadi inarudisha wastani wa shilingi 560 kwa kila 1,000.

Na kosa lilelile linageuka upande wa 1/1. Ukizidisha 0.36 kwa 0.44 unapata kama asilimia 16, wakati mechi zenyewe ni 27 kati ya 100. Hapo odi ya haki ni 3.70, na kampuni ikiweka 3.20, yule mwenye asilimia 16 atasema wanamwonea, huku mwenye 27 anajua tu kwamba wamekata chao kama kawaida.