Niandike Nani?

Shikamooni wakubwa zangu. Na ninyi vijana wa maduka, hamjambo?

Nimeombwa nizungumze juu ya kumtaja mteja kwa jina. Wengi mnanifahamu: miaka 19 nauza mapazia na vitambaa hapa Moshi mjini. Kwa hiyo nitazungumza ya mapazia, nanyi mtayapeleka wenyewe kwenye spea, simenti na dawa.

Nianze na aibu yangu. Mama mmoja alikuja, akachagua kitambaa, akalipa kwa simu. Simu yangu ikalia, ujumbe ukaingia na jina la aliyelipa kwa herufi kubwa, majina matatu. Nikajiona mjanja, nikamwambia, "Asante sana dada Rehema, karibu tena." Akasimama na mfuko mkononi. Akaniambia taratibu, "Rehema ni dada yangu. Tulimzika mwezi wa nne. Laini ndiyo sijabadilisha." Sikuwa na la kusema. Akatoka.

Sasa tazameni nilichokosea. Tangu mwaka 2019 laini zetu zinasajiliwa kwa alama za vidole na namba ya NIDA, kwa hiyo jina linalokuja kwenye ujumbe ni la aliyeisajili laini. Mwenye simu mkononi anaweza kuwa mwingine kabisa: binti anayetumia laini ya mama yake, dada wa kazi aliyetumwa na simu ya bosi wake, au mke aliyesajiliwa na mumewe. Na hata kama ni lake kweli, hakukupa. Amekulipa hela, jina limejileta lenyewe. Mteja mwingine ukimtajia jina ambalo hajakwambia, anajiuliza umelitoa wapi na unajua nini kingine. Tena tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na msingi wake mmoja ni kwamba taarifa ya mtu itumike kwa lile alilokupa kwa ajili yake. Jina la kwenye ujumbe ni la kuhakikisha malipo yameingia. Lisome kimya, mwambie, "Imeingia, asante mama," basi.

Jina la kutumia ni lile mteja analokupa mwenyewe, na namna ya kulipata ni rahisi kuliko mnavyodhani. Mtu akiweka oda ya mapazia kuna kianzio, na kuna daftari. Usimuulize "Unaitwa nani?", hilo ni swali la polisi na la mwalimu wa zamu. Shika kalamu, uliza, "Niandike nani?" Hapo unamwachia achague. Mmoja atasema, "Andika Mama Glory." Mwingine, "Andika Massawe." Mwingine atasema, "Andika Mwalimu, wa Kiboriloni." Andika hivyo hivyo alivyosema, neno kwa neno, maana hilo ndilo jina analotaka lisikike dukani kwako. Aliyesema Mama Glory, hata kama baadaye umejua anaitwa Happiness, kwako ni Mama Glory.

Ila wewe usimbunie mtu "Mama Fulani." Umemwona na mtoto, umesikia mtoto anaitwa Brian, kesho unamwita Mama Brian. Kumbe Brian ni wa mdogo wake, na yeye mtoto hana, na hilo ndilo linalomuumiza. Na majina ya ukoo nayo yana shida yake hapa kwetu: ita "Massawe!" sokoni Mbuyuni uone watageuka wangapi. Kwa wanaume wa rika moja jina la ukoo tupu halina neno, wanaitana hivyo kutwa. Lakini kijana wa miaka 20 kumwita mzee "Mushi" bila Mzee mbele, hapana. Na mwanamke ukimwita kwa ukoo tupu, inakuwa kama unaita mahudhurio.

Nije kwenye jambo ambalo ndilo hasa limenileta. Kuna mafunzo ya mauzo yanayosema utaje jina la mteja mara nyingi kadiri uwezavyo. Nilikuwa na binti dukani aliyeyapata mahali. Akawa anasema, "Neema, hii rangi inakufaa. Unajua Neema, hiki hakichuji. Sasa Neema, nikukatie mita ngapi?" Yule mteja alinigeukia mimi akauliza, "Huyu ananigombeza?"

Na alikuwa sahihi. Sikilizeni Kiswahili chetu chenyewe. Jina tunaitia: mtu yuko mbali, au amegeuka, au tunataka ajue ni yeye. Akishakutazama, jina limemaliza kazi. Kinachoendelea na mazungumzo ni mama, dada, mzee, kaka, mwalimu. Ni nani anayekutaja jina katikati ya sentensi na unamtazama usoni? Mama yako, ukiwa umevunja kitu. "Neema, nilikwambia nini?" Kwa hiyo jina mara moja anapoingia, baada ya salamu: "Shikamoo Mama Glory, karibu." Labda mara moja anapoondoka. Katikati, "mama" inatosha. Na salamu haiwezi kurukwa. Jina bila salamu ni kuita mtu kama mhudumu wa baa.

Upande wa pili ni hawa wa "mrembo," "mpenzi," na kule Arusha "chalii yangu" kwa mtu aliyemzidi umri. Sina haja ya kueleza. Humjui jina, tumia cheo cha umri, na ukiwa na shaka kati ya dada na mama, anza na salamu na uone anavyoitikia.

Simu ni ngumu zaidi, kwa sababu matapeli nao wanapiga wakiwa na jina lako kamili. Ukianza na "Naongea na Mama Glory?" kabla hujajitaja, umeanza kama wao. Jitaje kwanza. Tuseme oda ni mita 12 kwa 15,000, jumla 180,000, kianzio 100,000, baki 80,000. Mimi nasema: "Shikamoo, napiga kutoka dukani kwa mapazia, hapa Moshi mjini. Namuomba Mama Glory." Nanyamaza. Akisema "ndiye mimi," namwambia, "Mapazia yako yameshashonwa mama, njoo uyaangalie." Baki anaijua, na akiiuliza namwambia. Akipokea baba au mtoto, nasema tu kwamba nitapiga tena. Bei ya mapazia wanaambiana wenyewe nyumbani, kama wanaambiana.

Na msipige kelele dukani, "Mama Glory, ile elfu themanini bado!" Hapo umetumia jina zuri alilokupa kumdai mbele za watu. Harudi huyo.

Naona mkono pale nyuma. Sema binti.

Anauliza: mteja mkubwa kwangu akisema "niite Rose tu," nifanyeje?

Mwite dada Rose. Akikataa na hilo dada, mara ya tatu, mwite Rose. Lakini wateja wengine wakiwepo, rudisha dada, kwa sababu wao hawakusikia mlivyokubaliana.