Mistari Miwili Ikihama Pamoja: Namna ya Kupata Nukta Sahihi ya Msawazo

Habari zenu. Leo nina karatasi ya grafu, rula, penseli na kalamu nyekundu, na nitafanya swali moja tu la mahitaji na ugavi kuanzia mwanzo hadi mwisho. Ni lile swali linalowapa wengi wa ECA, HGE na EGM majibu mawili yanayofanana, mtu anaishia kubahatisha. Mtihani wenyewe unakuja kwa Kiingereza, kwa hiyo kwenye mchoro nitaacha herufi mnazozijua: D ni mahitaji, S ni ugavi, P ni bei, Q ni kiasi. Maelezo yote yatakuwa kwa Kiswahili, maana nimegundua mtu akielewa kwa lugha anayonunulia sukari, kuandika kwa Kiingereza hakumsumbui.

Na swali letu ni la sukari kweli. Mnakumbuka mwanzoni mwa 2024? Mvua za El Niño zilinyesha mpaka mashamba ya miwa yakajaa maji. Miwa ipo shambani, lakini trekta haliingii na lori likiingia halitoki, na muwa uliolowa sana hutoa sukari kidogo. Viwanda vikazalisha chini ya kawaida. Halafu mwezi Machi Ramadhani ikaingia, na kila nyumba inayofuturisha inajua uji, chai na kaimati vinavyokula sukari. Sasa swali: bei ya msawazo na kiasi cha msawazo vimebadilikaje?

Majibu ya kuchagua ni haya. A, bei imepanda na kiasi kimepungua. B, bei imepanda na kiasi kimeongezeka. C, bei imepanda, kiasi hakiwezi kujulikana. D, kiasi kimepungua, bei haiwezi kujulikana.

Usichague bado. Chora kwanza.

Bei iende kwenye mhimili wa wima, kiasi kwenye mhimili wa mlalo. Mstari wa mahitaji unashuka kutoka kushoto kwenda kulia, uandike D1. Mstari wa ugavi unapanda kutoka kushoto kwenda kulia, uandike S1. Pale vinapokatana weka nukta, iite W. Huo ndio msawazo wa zamani, kabla ya mvua. Shusha mstari wa vitone kutoka W mpaka chini upate kiasi, na mwingine uende kushoto upate bei. Vitone hivi visikose, kwa sababu baadaye ndivyo tutakavyolinganisha navyo.

Hatua ya pili, lichukue swali uligawe kwa visababu, kimoja kimoja, na kila kisababu ukiulize: wewe unamgusa nani, mnunuzi au muuzaji? Mvua imemzuia mzalishaji. Haijabadilisha hamu ya mtu ya kunywa chai. Kwa hiyo mvua ni ya S. Ramadhani imemgusa mnunuzi, haijaongeza wala kupunguza miwa shambani. Kwa hiyo ni ya D. Andika pembeni kabisa kwa penseli: mvua, S, Ramadhani, D.

Sasa tuhamishe S, na hapa ndipo penseli nyingi zinapokosea. Ugavi umepungua, na akili inakwambia kilichopungua kinashuka, basi unachora mstari mpya chini ya ule wa zamani. Tazama nilivyouchora hapa chini kwa makusudi. Chukua bei yoyote, sema shilingi 3,000, tembea nayo mlalo hadi ufike kwenye mstari huu mpya. Umefika kulia zaidi ya ule wa zamani, maana yake kwa bei ileile wauzaji wanaleta sukari nyingi zaidi. Umechora ugavi ulioongezeka! Mimi mwenyewe nikiwa kidato cha tano nilikosa swali zima la alama 20 kwa kosa hili, na nilichora kwa rula, mchoro msafi ajabu.

Dawa yake ni kusahau juu na chini. Mistari inahama kushoto au kulia tu. Kupungua ni kushoto, kuongezeka ni kulia, iwe D au S. Nafuta huu wa makosa, nachora S2 kushoto ya S1. Na D2 inakwenda kulia ya D1, kwa kalamu nyekundu.

Tazama sasa. Mistari minne imekatana sehemu nne, na katikati limebaki umbo kama tiara. Chini kabisa ni W, D1 na S1. Kulia ni D2 na S1, iite X. Kushoto ni D1 na S2, iite Y. Juu kabisa ni D2 na S2, iite Z. Maswali mengi ya mchoro yanakupa umbo hilihili na kukuuliza tu msawazo umeenda wapi. Kama ingekuwa mvua peke yake, jibu lingekuwa Y. Kama ingekuwa Ramadhani peke yake, X. Vyote viwili kwa pamoja, jibu ni Z, kwa sababu Z ndiyo nukta pekee iliyoko juu ya mistari yote miwili mipya. Ukichagua nukta iliyokaa kwenye mstari mmoja wa zamani na mmoja mpya, umekisahau kisababu kimoja.

Bei tumeshaipata. Z iko juu ya W, bei imepanda. Jibu D limekufa. Lakini kiasi je? Kwenye mchoro wangu Z imeangukia kushoto kidogo ya vitone vya W, kwa hiyo unavutwa kuandika A. Mwenzako aliyesukuma D2 mbali zaidi anaiona Z kulia ya vitone, anaandika B. Nyote mmechora sawasawa, ila kila mmoja amechagua ukubwa wa kuhama kwa mkono wake. Swali halikusema mstari gani umehama zaidi.

Hebu tuweke namba, za kutunga, za mji mmoja kwa wiki. Kwa shilingi 3,000 kwa kilo, wanunuzi wanataka tani 80 na wauzaji wanaleta tani 80. Bei ikipanda shilingi 500, wanunuzi wanapunguza tani 10 na wauzaji wanaongeza tani 10. Maana yake kila shilingi 500 inaziba pengo la tani 20. Shikeni hiyo tu.

Mvua imekuja, kwa kila bei wauzaji wanaleta tani 40 pungufu. Kwa 3,000 sasa zinatakiwa tani 80, zimeletwa 40, pengo ni 40. Mia tano mara mbili, bei inafika 4,000, kiasi tani 60. Hiyo ndiyo Y.

Ramadhani imeongeza tani 20 kwa kila bei. Kwa 3,000 zinatakiwa 100, zipo 40, pengo ni 60. Mia tano mara tatu, bei 4,500, kiasi tani 70. Kimepungua kutoka 80, kwa hiyo Z ipo kushoto ya vitone.

Lakini kama Ramadhani ingeongeza tani 60? Zinatakiwa 140, zipo 40, pengo 100, mia tano mara tano, bei 5,500, kiasi tani 90. Kimeongezeka. Na ikiongeza 40? Pengo 80, bei 5,000, kiasi tani 80 zilezile, Z imekaa wima juu ya W. Bei imepanda katika hali zote tatu. Kiasi kimetupa majibu matatu. Jibu ni C.

Ukiwa kwenye chumba cha mtihani hakuna muda wa namba hizi, kwa hiyo fanya hivi. Chini ya mchoro andika mishale. S kwenda kushoto: bei juu, kiasi chini. D kwenda kulia: bei juu, kiasi juu. Mishale ya bei imekubaliana, andika imepanda. Mishale ya kiasi imegombana, andika haijulikani. Swali likisema mahitaji yaliongezeka kidogo kuliko ugavi ulivyopungua, na mchoro unaonyesha D na S zenye mteremko wa ukali sawa kama zetu, hapo unaruhusiwa kuamua, na utachagua A. Neno moja kama “kidogo” linabadilisha jibu zima, lipigie mstari.

Kosa lingine naliona kila mwaka. Mtu amefika Z vizuri, halafu anajiambia: bei imepanda, wauzaji watavutiwa, basi ugavi unarudi kulia, anachora S3. Hapana. Kuvutiwa na bei tumeshakuhesabu. Ndiyo zile tani 10 wauzaji wanazoongeza kila shilingi 500. Hapo muuzaji anateleza juu ya S2 yake kutoka chini kwenda juu, mstari wenyewe haujahama. Bei iliyo kwenye mhimili wa wima kamwe haihamishi mstari. Ukikuta kwenye jibu lako S3 ambayo haina kisababu pale pembeni kwenye penseli yako, ifute.

Na tahadhari kidogo, kwa sababu kuna mtu atauliza kuhusu bei elekezi, maana Bodi ya Sukari ilizitangaza Januari ile. Bei ikipangwa chini ya msawazo, hakuna mstari unaohama. Unachora mstari wa mlalo chini ya nukta, na jibu ni uhaba, yaani umbali kati ya S na D kwenye mstari ule. Ni mchoro tofauti, usiuchanganye na tiara yetu.

Haya, la mwisho mlifanye wenyewe. Tumebaki na namba za kwanza, Ramadhani imeongeza tani 20, msawazo uko Z, bei 4,500. Serikali inaruhusu sukari ya nje, meli inafika Ramadhani ikiwa haijaisha, na ugavi unarudi kama kabla ya mvua. Nukta ipi? Simamisha video.

Wengi mmeandika W, kwa sababu mmesikia tatizo limeisha. Lakini futari bado inaendelea, D2 haijasogea. Nukta iliyo juu ya D2 na S1 ni X. Kwa 3,000 zinatakiwa tani 100, zinaletwa 80, pengo 20, mia tano moja. Bei 3,500, kiasi tani 90.